Bango la steshenari: "scanning" n mbili, "editing" t moja. Kanuni ni ipi hasa?

FundiFleksi
Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya fleksi futi 8 kwa 4, ni ya steshenari moja huku Sinza. Mteja kanitumia maneno kwa WhatsApp na anataka yakae hivyohivyo, lakini nikiyatazama naona mengine hayajakaa vizuri. Likishapanda ukutani watu wakaanza kucheka, atakayetajwa ni fundi. Orodha yake hii:

Typeing, Printing, Photocoping, Scaning, Laminateing, Editting, Formating, Binding, Designning, Passport Photoes, Online Form Filing

Nilipomuuliza akasema "wewe ongeza ing tu, ndo Kiingereza". Sasa mbona "scanning" naionaga na n mbili, halafu "cleaning" ina moja? Nataka kanuni, siyo kurekebishiwa hili bango peke yake, maana kesho atakuja mwingine.

Sharo_wa_Mori
Rahisi sana mkuu. Neno fupi unadabo herufi ya mwisho, neno refu usidabo. Scan fupi, inakuwa "scanning". Edit ina silabi mbili, inabaki "editing". Kazi imeisha, chapa.

FundiFleksi
Clean nalo fupi. Print nalo fupi.

Sharo_wa_Mori
Hizo zitakuwa zimejitenga tu. Kiingereza kina mambo yake.

MwalimuWaPembeni
Hazijajitenga, Sharo. Urefu wa neno si hoja. Fundi, fanya hivi: toa ing, ubaki na kitenzi chenyewe, halafu tazama mkia wake tu.

"Scan": mwishoni kuna konsonanti moja, n, na nyuma yake irabu moja, a. Hapo unadabo. "Clean": mwishoni n moja, lakini nyuma yake kuna irabu mbili, e na a. Hudabo. "Print": irabu moja, sawa, lakini mwishoni kuna konsonanti mbili, n na t. Hudabo. "Bind" hivyohivyo, n na d. Na "design", ambayo mteja wako kaiwekea n mbili, inaishia na g na n. Hiyo g haisikiki, ila macho yanaihesabu, kwa hiyo "designing" n moja.

Sababu yake ni hii. Mwingereza akiona irabu, kisha konsonanti moja, kisha irabu nyingine, huwa anaitamka ile irabu ya kwanza kwa jina lake la alfabeti. "Scaning" ataisoma "skeining". Ile n ya pili haitamkwi, imewekwa kama ukuta wa kuzuia a isigeuke. Kwa "clean" na "print" hakuna cha kuzuia, ndiyo maana hakuna ukuta.

Ukielewa hilo, ya e inakuja yenyewe. Kwenye "type" ile e ya mwisho haina sauti. Kazi yake ni kuifanya y isomwe "ai", kwamba ni "taip" na siyo "tip". Ing ikifika, i yake inaifanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo e inaondoka: "typing", "laminating". Ukija kwenye ed huandiki e mbili: "typed", "laminated".

FundiFleksi
Hapo nimekupata mwalimu. Kwa hiyo Typing, Scanning, Laminating, Designing. Photocopying je? Yeye kaitoa y kabisa.

MwalimuWaPembeni
Y irudi. "Photocoping" Mwingereza ataisoma kama imetoka kwenye "cope", kuhimili. Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka i unapoongeza ed au s: "copied", "copies". Ila mbele ya ing haigeuki kamwe, kwa sababu ungepata i mbili zimefuatana, "copiing". Na ikitanguliwa na irabu kwa kawaida haigeuki: "played", "plays", "trays", "keys". Kwa hiyo bango lile lile linaweza kuwa na "photocopying" juu na "copies" chini, zote sahihi.

MamaBatiki
Samahani kwa kuingilia wanangu. Mimi nina kibao changu Kinondoni, kimeandikwa BATIK DYING AND TAILORING. Juzi mgeni mmoja kakipiga picha huku anacheka, hakuniambia kitu. Je, "dying" ina makosa? Maana mwalimu kasema e inaondoka, nami e nimeitoa.

MwalimuWaPembeni
Pole mama. Kibao chako kinasema batiki inakufa. "Dying" inatoka kwenye "die", kufa. Vitenzi vinavyoishia na ie hugeuza hizo mbili kuwa y mbele ya ing: "die" inakuwa "dying", "tie" inakuwa "tying", "lie" inakuwa "lying". Kupaka nguo rangi ni "dye", na hiyo imeruhusiwa kubaki na e yake, "dyeing", kusudi zisichanganyike. Wenzake ni wachache. "Singe", kubabua kwa moto, inakuwa "singeing" ili isifanane na "singing", kuimba. Pia zinazoishia na ee na oe hazitoi kitu: "seeing", "agreeing", "shoeing".

Ongeza e moja tu katikati ya y na i, hakuna haja ya kibao kipya. "Tailoring" yako iko sawa, r moja.

MamaBatiki
Ahsante mwanangu. Kwenye ed nayo?

MwalimuWaPembeni
"Dyed" kwa rangi, "died" kwa kufa. Kwenye risiti andika "dyed".

MhasibuWaPosta
Jamani mbona mnapita pale pa mwisho? "Online Form Filing". Hiyo ndiyo inayoleta balaa hata maofisini, tena kwa watu wenye digrii.

"File" ni kuweka kwenye faili au kuwasilisha rasmi mahali. Inaacha e, inakuwa "filing", l moja. "Fill" ni kujaza, tayari ina l mbili zake tangu kuzaliwa, haikuongezewa kitu, inakuwa "filling". Steshenari inayomjazia mwanafunzi fomu ya mkopo au mtu fomu ya NIDA inafanya "form filling". Ukienda kwenye kodi mambo yanageuka: ritani za TRA ni "filing", kwa sababu unaziwasilisha. Nimeona barua nyingi zimeandikwa "filling of returns", na kompyuta haikupiga mstari mwekundu maana neno lipo.

FundiFleksi
Aisee. Kwa hiyo huyu anayejaza fomu watu ni Filling. Na kama anazituma pia?

MhasibuWaPosta
Muulize yeye anatoza hela kwa lipi. Wengi wanatoza kwa kujaza.

MwalimuWaPembeni
Hapo Mhasibu kagusa kipimo kizuri cha kukagua kazi iliyokwisha andikwa. Rudi nyuma: futa ing, uone umebaki na nini. Kama kabla ya ing kuna konsonanti moja na irabu moja, mara nyingi neno linadai limetoka kwenye kitenzi chenye e. "Filing" linadai "file", lipo. "Scaning" linadai "scane", hakuna neno hilo, basi kuna kosa. "Planing" linadai "plane", lipo, ila ni kupiga randa, siyo kupanga. "Taping" ni kubandika utepe, "tapping" ni kugonga kidogo au kubonyeza skrini. "Hoping" ni kutumaini, "hopping" ni kuruka kwa mguu mmoja. "We are hopping to hear from you" kwenye barua ya maombi ya kazi ina maana tunarukaruka tukisubiri jibu. Mahali pa kuogopa ni pale maneno yote mawili yapo, maana kompyuta haikusaidii.

KaraniMstaafu
Kwa heshima zenu, naona mnazunguka. Swali la mtoa mada ni la Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Tanzania tunafuata Uingereza, na Uingereza wanadabo. Marekani hawadabo. "Travelling", "cancelled", "labelled", ndivyo tulivyofundishwa. Hiyo "Editting" ya mteja yawezekana ni ya Uingereza.

Mhariri_K
Mzee shikamoo. Ulichosema ni kweli kwa herufi moja tu, l. Muingereza anadabo l ya mwisho hata kama mkazo hauko hapo: "travelling", "cancelled", "modelling". Mmarekani anaandika "traveling", "canceled", "modeling". Ila t, n, p, r, wote wawili wanakwenda pamoja karibu kila mahali. "Editting" haipo London wala New York.

Na hata hiyo l ya Uingereza inahitaji irabu moja nyuma yake. "Emailing", "mailing", "cooling" zina irabu mbili, l ni moja kote duniani.

KaraniMstaafu
Marahaba. Na "parallel"?

Mhariri_K
Umenipata mzee. "Paralleled", l moja mwishoni hata Uingereza, kwa vile katikati zimeshakuwa mbili. Hiyo ni ya kukariri.

FundiFleksi
Sasa turudi kwenye "edit". Mwalimu, kwa kanuni yako ina t moja, irabu moja nyuma yake. Ilitakiwa idabo!

Sharo_wa_Mori
Nilisema, neno refu!

Mhariri_K
Sharo, "begin" ni neno refu na ni "beginning". "Submit" ni refu na ni "submitted". Kinachoamua ni mkazo. Neno likiwa na silabi zaidi ya moja, unadabo ikiwa sauti inapanda kwenye silabi ya mwisho. "Submit" unapandisha kwenye "mit", basi "submitted". "Edit" unapandisha kwenye "e", ile "dit" inapita haraka, basi "edited". "Open", "visit", "offer", "deposit", "happen", zote mkazo hauko mwishoni, herufi moja: "opening", "visited", "offered", "deposited", "happened". "Refer", "occur", "admit", "permit", "equip", mkazo mwishoni, mbili: "referred", "occurred", "admitted", "permitted", "equipped".

Na hapa ndipo Mswahili anapokosea kuliko watu wengine, kwa sababu iliyo wazi. Kiswahili chetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Sasa sikiliza mtu wa steshenari anavyosema "nimeediti": e-DI-ti. Tumelipa neno irabu ya mwisho, mkazo ukaruka kwenda "di". Sikio linamwambia mkazo uko pale, mkono unaandika "editting". Hivyohivyo "visiting", tukiitamka kwetu inakuwa vi-SI-ting, ndiyo unaona "visitting hours" kwenye milango. Aliyeandika kafuata kanuni vizuri kabisa, ila kwa mkazo wa Kiswahili.

FundiFleksi
Dah. Sasa mtu ambaye hajui mkazo wa Kiingereza unakaa wapi atajuaje?

Mhariri_K
Fungua kamusi yoyote nzuri, hata ya kwenye simu. Kwenye matamshi kuna kialama kidogo kama nukta ndefu kilichosimama juu, ˈ. Silabi inayokifuata ndiyo yenye mkazo. "Submit" imeandikwa /səbˈmɪt/, alama iko katikati, unadabo. "Edit" ni /ˈedɪt/, alama iko mwanzo, hudabo. Na kamusi nyingi za wanafunzi zinaweka kabisa pembeni ya kitenzi vialama kama -tt- au -nn-. Ukiiona, umemaliza. Isipokuwepo, usidabo.

Ukitaka njia ya mkato, shika familia. Zinazoishia na -mit karibu zote zina mkazo mwishoni: submit, admit, commit, permit, transmit, omit. Ondoa "limit" na "vomit", hizo ni "limited" na "vomiting". Zinazoishia na -fer zimegawanyika: refer, prefer, defer, transfer zinadabo, offer, suffer, differ hazidabo.

MhasibuWaPosta
"Transfered" na r moja naiona kila wiki kwenye maelezo ya malipo. Na "occured".

MwalimuWaPembeni
Na "equiped", p moja. Hapo mtu anaona u na i anadhani ni irabu mbili. U inayofuata q haihesabiwi, inasomwa kama w. Imebaki i moja na p moja, kwa hiyo "equipped". "Quit" nayo ni "quitting".

Sharo_wa_Mori
Sawa, nimekubali mkazo. Basi "format" mkazo uko mwanzo, FOR-mat. Itabaki "formating" kama mteja alivyoandika. Hapo mteja kapatia!

Mhariri_K
Swali zuri, na jibu litakukera. Ni "formatting", t mbili, Uingereza na Marekani.

Mkazo kweli uko mwanzo, kanuni inasema moja. Lakini linganisha mwisho wa maneno haya mawili. Kwenye "edit" irabu ya mwisho imefifia. Kwenye "format" ile "mat" inatamkwa kamili, kama neno "mat" lenyewe. Ukiandika "formating" msomaji ataona "mating" ndani yake. Kundi hili lina wanachama wachache: "kidnapping", "programming", "zigzagging". Ukiangalia wote, kile kipande cha mwisho kinasikika wazi.

MwalimuWaPembeni
Nakubaliana na matokeo, sikubaliani sana na maelezo. "Combat" nayo "bat" yake inasikika wazi, na kuna kamusi zinaandika "combating", nyingine zinakubali t mbili. "Worship" ni "worshipping" Uingereza wakati "ship" ile imefifia. Mimi wanafunzi nawaambia wazikariri hizo, maana wakitafuta sababu watadabo na zisizotakiwa.

Mhariri_K
"Worship" ni kweli inanisumbua. Ila sababu inasaidia kukumbuka, hata kama haifungi kila mlango.

KaraniMstaafu
Na "focused"? Ofisini kwetu tuliandika "focussed", s mbili, miaka yote, na hakuna mkubwa aliyerudisha barua.

Mhariri_K
Zote mbili zipo kwenye kamusi za Uingereza mzee. S moja ndiyo inafuata kanuni ya mkazo na ndiyo inayotumika zaidi. Mimi nachagua moja, halafu naishika kwenye waraka mzima.

KaraniMstaafu
Nami nabaki na mbili.

MamaBatiki
Passport Photoes je? Hamjaisemea.

Sharo_wa_Mori
Inaishia na o, weka es. Kama "tomatoes".

MwalimuWaPembeni
"Tomatoes", "potatoes", "mangoes" ndiyo. "Photos" hapana, kwa kuwa ni ufupisho wa "photograph", na yaliyofupishwa huchukua s tu: "photos", "kilos", "memos". Ile koma ya juu wanayoweka, "photo's", nayo itoke. Es nyingine unaisikia kwa sikio: neno likiishia na s, x, sh au ch, huwezi kutamka s peke yake bila kuongeza silabi, kwa hiyo "boxes", "brushes", "watches".

FundiFleksi
Basi nimepanga hivi, mwenye macho akague:

Typing, Printing, Photocopying, Scanning, Laminating, Editing, Formatting, Binding, Designing, Passport Photos, Online Form Filling

Mteja nimempigia, kasema anajaza tu, hatumi. "Editing" anaing'ang'ania ya t mbili, anasema ndivyo inavyosikika. Nimemtumia picha ya kamusi, amenyamaza.

MhasibuWaPosta
Iko safi. Chapa.

FundiFleksi
Ahsanteni wakuu. Kuna na huyu wa kuosha magari Tabata, ya kwake fupi: Washing, Waxxing, Polishing, Buffing, Vacuming. Nimeigundua Waxing ina x moja, ila sababu sijui.

MwalimuWaPembeni
X ni moja lakini ina sauti mbili ndani yake, k na s, kwa hiyo inahesabiwa kama konsonanti mbili. Kwa kawaida haidabo: "waxing", "fixed", "boxing". W na y za mwisho nazo hazidabo kamwe. "Buffing" iko sawa, "buff" ina f mbili zake. "Vacuming" irudishie u moja. "Vacuum" ina u mbili zimefuatana, zikae zote, na m ibaki moja: "vacuuming".

FundiFleksi
U mbili zinanikatalia kwenye upana, fonti itabidi ishuke.

Sharo_wa_Mori
Andika "Vacuum" tu, ing uiache.